Kuchanganya majina ya mchezo kwa kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na vijumbe na makatibu wa vikundi vya Uyole, Igawilo na Mwanjelwa hapa Mbeya, na vijana wanaowaandikia programu ndogo za kupanga zamu. Mfano ninaoutumia ni mmoja: kikundi cha wafanyabiashara 12 wa sokoni, kila mmoja anatoa shilingi 10,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anapokea 120,000. Mchezo unaanza katikati ya Oktoba. Aliyepata zamu za mwanzo anawahi mbegu na mbolea kabla mvua hazijashika. Aliyepata zamu ya 12 anapokea Januari, mahindi ya wenzake yakiwa yameshaota. Kwa hiyo mpangilio wa majina una uzito wa pesa, na kila mwanachama ana haki ya kujua umepatikanaje.

Kijana wetu ametumia mstari mmoja tu wa msimbo na majina yanabadilika kila akibonyeza. Kuna ubaya gani?

Mstari wenyewe, wa lugha ya JavaScript, huwa ni huu, na nimeshauona katika programu za vikundi zaidi ya kimoja:

```
orodha.sort(() => Math.random() - 0.5)
```

Amri ya `sort` kazi yake ni kupanga. Inachukua majina mawili, inauliza yupi atangulie, kisha inaendelea na mengine. Kwa kawaida jibu hutokana na kitu cha kudumu kama herufi au umri. Hapa kijana ameiambia kompyuta kwamba kila ikiuliza, irushe shilingi juu: ikianguka mwenge, huyu atangulie, ikianguka upande wa pili, yule.

Majina yanabadilika kweli. Lakini kubadilika si sawa na kuchanganyika kwa haki. Haki hapa ina maana moja tu: kila mpangilio unaowezekana uwe na nafasi sawa na mwingine ya kutokea. Mstari huu hautimizi hilo.

Mbona shilingi ni ya haki? Nusu kwa nusu. Upendeleo unatoka wapi?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na nalijibu kwa watu watatu, kwa sababu wakiwa watatu hesabu inafuatika kwa vidole. Tuwaite kwa biashara zao: Mama Viazi, Mama Ndizi na Mama Parachichi, wameandikwa kwa utaratibu huo.

Tuchukue njia rahisi ya kupanga, ile ambayo mtu hupangia karata mkononi: unachukua moja moja na kuichomeka mahali pake. Mama Viazi yupo. Anakuja Mama Ndizi, shilingi inarushwa, nusu anabaki nyuma ya Viazi, nusu anampita. Mpaka hapo hakuna aliyeonewa. Sasa anakuja Mama Parachichi. Analinganishwa kwanza na aliye mwisho. Shilingi ikimkataa, kazi imekwisha, anabaki wa tatu. Ikimkubali, anampita huyo, kisha shilingi inarushwa tena kuona kama atampita na wa kwanza.

Tazama kilichotokea. Ili abaki wa mwisho, Mama Parachichi anahitaji kukataliwa mara moja tu. Ili awe wa kwanza, lazima akubaliwe mara mbili mfululizo. Kwa hiyo anabaki wa tatu kwa nusu ya michezo yote, wa pili kwa robo, wa kwanza kwa robo. Haki yake ilikuwa theluthi kila mahali. Mipangilio miwili inayomwacha mwisho inabeba robo kila mmoja, na ile minne mingine thumuni kila mmoja.

Shilingi haikumwonea. Aliyemwonea ni utaratibu wa kuuliza, ambao unauliza mara chache kwa mtu mmoja na mara nyingi kwa mwingine.

Basi tukibadilisha njia ya kupanga, tatizo litaisha?

Halitaisha, na sababu yake haihitaji ujue njia yoyote ya kupanga. Watu watatu wanaweza kupangika kwa namna 6. Ukirusha shilingi mara tatu unapata matokeo 8 yenye uzito sawa. Gawa matokeo 8 kwa namna 6 bila kukata hata moja: haiwezekani, namna mbili zitapata mawili mawili na nne zitapata moja moja. Rusha mara nne, matokeo ni 16. Mara kumi, 1,024. Hakuna hata moja kati ya namba hizi inayogawanyika kwa 6, kwa sababu zote ni mbili zilizozidishwa kwa mbili, na ndani ya 6 kuna 3.

Kwa hiyo programu yoyote inayorusha shilingi kwa idadi yenye kikomo na kutoa mpangilio wa watu watatu lazima impendelee mtu. Kubadilisha njia ya kupanga kunahamisha upendeleo tu.

Na unahama kweli. Injini inayoendesha msimbo ndani ya Chrome ilibadilishiwa njia ya kupanga mwaka 2018. Njia mpya, kwa orodha fupi, humtafutia mtu nafasi kwa kukata orodha katikati: uko nusu ya mbele au ya nyuma? Kisha inakata tena nusu ile. Kwa kikundi chetu, aliyeandikwa wa 12 anaingizwa mwisho, wakati wenzake 11 wameshakaa. Nimefuatilia mikato yote kwa karatasi na kalamu. Nafasi ya 3, ya 6, ya 9 na ya 12 zinafikiwa kwa kurusha shilingi mara tatu, yaani kila moja ina nafasi 1 katika 8. Nyingine zote nane zinahitaji mara nne, yaani 1 katika 16. Haki ilikuwa 1 katika 12, na hakuna nafasi hata moja iliyopata 1 katika 12.

Kwa lugha ya sokoni: mwanachama aliyejiunga mwisho, jina lake likaandikwa chini kabisa, ana uwezekano wa kupokea Januari mara mbili ya uwezekano wa kupokea wiki ya kwanza. Wala hatagundua, kwa sababu mchezo unazunguka mara chache kwa mwaka.

Hili limewahi kumpata mtu mkubwa, au ni sisi tu?

Limewapata. Mwaka 2010, kufuatia makubaliano na Tume ya Ulaya, Microsoft ilianza kuwaonyesha watumiaji wa Windows barani humo ukurasa wa kuchagua kivinjari. Vivinjari vitano vikubwa vilitakiwa kuonekana kwa mpangilio wa bahati ili kisipendelewe hata kimoja. Mtaalamu aitwaye Rob Weir alipousoma msimbo akakuta ni hiyo hiyo `sort` yenye kurusha shilingi. Ukifunguliwa ndani ya Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft yenyewe kilikuwa kinaangukia nafasi ya mwisho karibu nusu ya mara zote, badala ya moja katika tano. Hawakujipendelea. Walijiweka mkiani bila kujua, na hilo kwangu linatosha kuonyesha kwamba kosa hili haliingii kwa nia mbaya.

Mimi sirushi shilingi. Katika Excel nampa kila mtu namba ya bahati, kisha napanga kwa namba hizo. Nimekosea?

Inategemea namba umezitoa wapi.

Njia yako ni nyingine kabisa. Kila mtu anapewa namba mara moja na anabaki nayo mpaka kazi iishe. Haibadiliki kila anapolinganishwa. Kama namba hazifanani hata mbili, matokeo ni ya haki, maana hakuna sababu ya namba ndogo kumwendea huyu kuliko yule. Ukitumia `=RAND()` unapata desimali ndefu, na watu 12 kupata mbili zinazofanana ni jambo ambalo hutaliona maishani mwako.

Shida inaanza pale mtu anapotaka namba nzuri za kusomeka mbele ya wanachama, akaandika `=RANDBETWEEN(1,100)`. Wengi hudhani namba 100 kwa watu 12 zinatosha na kubaki. Piga hesabu: mtu wa pili akwepe namba ya wa kwanza, wa tatu akwepe mbili, hivyo hivyo mpaka wa 12 akwepe 11. Ukizidisha nafasi hizo zote unapata karibu nusu. Yaani katika kila droo mbili, moja itakuwa na watu wawili au zaidi wenye namba sawa.

Na wakifungana, nani anatangulia? Programu nyingi za kupanga huwaacha waliofungana katika utaratibu waliokuwa nao mwanzo. Kwa hiyo sare zote anazishinda aliyeandikwa juu. Kwa namba 1 hadi 100 upendeleo ni mdogo: kati ya watu wawili, wa juu anatangulia mara 505 katika 1,000. Kwa namba 1 hadi 10 ni jambo jingine. Watu 12 kwa namba 10, sare ni lazima. Nimeikokotoa: aliyeandikwa wa kwanza anapata zamu ya kwanza karibu mara 14 katika 100, na aliyeandikwa wa 12 karibu mara 4. Haki ni mara 8 na kidogo kwa kila mmoja. Na kwa kuwa jina la juu kwenye daftari mara nyingi ni la mwenyekiti au kijumbe, fikiria wanachama watasema nini siku wakiligundua.

Nikishapanga kwa `=RAND()`, namba zinabadilika zenyewe na hazionekani kupangika. Nirudie?

Usirudie. Excel hukokotoa upya kila karatasi inapoguswa; majina yameshapangwa kwa namba za awali, na hizo unazoziona sasa ni mpya. Ukipanga tena unapata mpangilio mwingine wa haki, lakini sasa ni wewe unayeamua lini kuacha, na hapo ndipo upendeleo wa binadamu unaingia. Nakili namba na uzibandike kama thamani kabla ya kupanga, zigande hapo kila mtu azione.

Basi njia ya haki, ile ya kubadilishana nafasi, inafanyaje kazi?

Inafanya kile bibi zetu walichokuwa wakifanya kwa vikaratasi na kofia. Unaingiza vikaratasi 12, unachota kimoja bila kutazama, hukirudishi. Kisha unachota katika 11 vilivyobaki, kisha 10, mpaka kiishe cha mwisho.

Wanatakwimu Ronald Fisher na Frank Yates waliiandika njia hii mwaka 1938 katika kitabu cha majedwali kwa watafiti wa kilimo, baiolojia na tiba, wakitumia karatasi na kalamu: andika namba zote, kata moja kwa bahati, iandike pembeni, endelea na zilizobaki. Sisi wa Mbeya tunaona matumizi yake kila tunapopita mashamba ya majaribio ya Uyole, maana mbegu zinazoshindanishwa hugawiwa vipande vya ardhi kwa bahati ili udongo mzuri usiiangukie mbegu moja kila mara. Mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaigeuza ifae kompyuta: badala ya kuwa na orodha mbili, unabadilishana nafasi ndani ya ile ile moja.

```
function changanya(orodha) {
  for (let i = orodha.length - 1; i > 0; i--) {
    const j = Math.floor(Math.random() * (i + 1));
    [orodha[i], orodha[j]] = [orodha[j], orodha[i]];
  }
}
```

Kompyuta inahesabu nafasi kuanzia 0, kwa hiyo `i` ya kwanza ni 11, nafasi ya mwisho. Tuifuate kwa wale mama watatu. Orodha ni Viazi, Ndizi, Parachichi. Kompyuta inachagua mmoja kati ya watatu. Tuseme imemwangukia Viazi. Anabadilishana nafasi na aliye mwisho: Parachichi, Ndizi, Viazi. Viazi sasa ameshatoka kofiani, haguswi tena. Zamu ya pili inachagua kati ya wawili waliobaki tu, na inaweza kumchagua huyo huyo aliyeko kwenye nafasi hiyo, yaani Ndizi abaki alipo. Mpangilio umekamilika.

Sehemu ya mwanzo ya orodha ndiyo kofia, na sehemu ya nyuma ni meza ambapo vikaratasi vilivyochotwa vimepangwa. Kubadilishana ni namna ya kumpa aliyechotwa kiti mezani na kumrudisha kofiani aliyekuwa amekalia kiti hicho.

Kwa nini hii ina haki na ile haina?

Kwa sababu idadi ya njia inalingana na idadi ya mipangilio. Kwa watatu: uchaguzi wa kwanza una njia 3, wa pili una 2, jumla 6. Mipangilio ni 6. Na kila mpangilio unafikiwa kwa njia moja tu, kwa maana ukinionyesha mpangilio wa mwisho naweza kukuambia nani alichotwa kwanza na nani alifuata. Njia sita zenye uzito sawa, mipangilio sita, moja kwa moja. Hakuna kinachobaki cha kumpa mtu nyongeza.

Kwa 12 ni vivyo hivyo: 12 mara 11 mara 10 mpaka 1, jumla 479,001,600, sawasawa na idadi ya mipangilio.

Mimi nimeandika `Math.random() * 12` kila mara badala ya `i + 1`. Si ndiyo inachanganya zaidi?

Inachanganya zaidi na inaharibu haki. Umerudisha vikaratasi kofiani. Kwa watu watatu, kila hatua ina chaguo 3 na hatua ni 2, jumla njia 9. Jaribu kugawa 9 kwa 6. Ukizifuata zote utakuta mipangilio mitatu inapata njia 2 kila mmoja na mitatu inapata 1.

Kosa pacha lake ni kuandika `* i` pasipo ile `+ 1`. Hapo mtu hawezi kubaki alipo hata siku moja: aliyeandikwa wa 12 kamwe hatapata zamu ya 12. Njia hiyo ina jina, ni ya Sandra Sattolo ya mwaka 1986, na ina matumizi yake halali ukitaka mzunguko usiomwacha mtu mahali pake. Kwa zamu za mchezo haifai.

Nitajuaje programu niliyoletewa ni ya haki kama sijui kusoma msimbo?

Mwombe aliyeiandika aiendeshe mara 60,000 na ahesabu jina fulani limeangukia kila nafasi mara ngapi.

```
const idadi = Array(12).fill(0);
for (let n = 0; n < 60000; n++) {
  const o = [1,2,3,4,5,6,7,8,9,10,11,12];
  changanya(o);
  idadi[o.indexOf(12)]++;
}
console.log(idadi);
```

Kila nafasi inatakiwa ipate karibu 5,000. Kupishana kwa 100 ni kawaida. Kupishana kwa zaidi ya 200 kunatia shaka, na ukirudia na nafasi ile ile ikakosea upande ule ule, shaka imekuwa jibu. Ile `sort` ya shilingi kwa njia ya kukata katikati itakuletea karibu 7,500 kwenye nafasi nne na karibu 3,750 kwenye nane. Huhitaji kuwa mtaalamu kuiona. Fanya hivyo kwa majina yote 12, si hilo moja.

Kufaulu kipimo hiki hakumalizi kazi. Nimewahi kuona programu iliyokuwa inazungusha tu duara: inachagua wa kuanza, wengine wanafuata kama walivyoandikwa. Kila mtu anapata kila nafasi karibu mara 5,000, lakini mipangilio inayowezekana ni 12 tu, na Mama Ndizi anapokea baada ya Mama Viazi karibu kila mchezo. Kwa hiyo hesabu pia ni mara ngapi jirani kwenye daftari amebaki jirani kwenye zamu.

Kikundi chetu ni cha watu 30. Kuna kikomo?

Msimbo ni ule ule. Kikomo kiko kwenye chanzo cha bahati. Jenereta ya namba inayoanzishwa kwa mbegu, yaani namba ya kuanzia, ya biti 32 ina mianzo isiyozidi 4,294,967,296. Watu 12 wanatosha humo. Watu 13 wana mipangilio 6,227,020,800, kwa hiyo ipo isiyoweza kutokea kamwe, hata msimbo ukiwa safi. Kwa watu 30 inayoweza kutokea ni tone tu. Kivitendo hili halimpendelei mwanachama fulani kwa namna unayoweza kuipima, ila kama mnachezea pesa nyingi na kuna anayeweza kufaidika kwa kubashiri, tumieni `crypto.getRandomValues` badala ya `Math.random`.

Tumeshapanga zamu za msimu huu kwa ile `sort`, na watu watatu wameshapokea. Tufute?

Waliopokea wameshapokea, waacheni. Chukueni majina tisa yaliyobaki, yachanganyeni upya kwa njia ya kubadilishana, mbele ya wote, mara moja tu, na katibu aandike matokeo daftarini kabla mtu hajagusa kompyuta tena. Kama umeme umekatika, vikaratasi tisa na kofia vinatoa haki ile ile, ilimradi kila kikaratasi kimekunjwa sawa na anayechota hatazami.